Kuweza na Kuhimili: Tafakuri Juu ya Udhaifu wa Uzeeni

Shangazi yangu anaishi Rågsved, kusini mwa jiji la Stockholm, mwendo wa dakika chache kutoka stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 1959. Jengo lake ni la ghorofa tatu na, kama majengo mengi ya mtaa ule yaliyosimamishwa miaka ya 1950, halina lifti. Kutoka mlango wa nje hadi mlango wake kuna vidato arubaini na vinne. Navijua kwa idadi kwa kuwa nilivipanda na kuvishuka miaka minne nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika jiji lile, nikilala katika chumba chake cha nyuma na kula chakula chake. Zama zile yeye ndiye aliyekuwa akinitangulia ngazini, mfuko wa viazi mkono mmoja na wa maziwa mkono wa pili, akinihimiza nisikawie.

Niliporudi kwake mwezi Septemba 2022, kwa likizo ya utafiti ya miezi kumi, nilimkuta na miaka 78. Alinipokea mlangoni kwa bashasha ileile. Lakini nilipomkumbatia niliona mikono yangu imekutana upesi kuliko nilivyozoea. Tulipotoka siku ya pili kwenda sokoni alipumzika mara mbili njiani, kila mara akijisingizia kutazama kitu: mara dirisha la duka, mara mti. Nilimwuliza binamu yangu, mwanawe wa pekee anayeishi mji mwingine, mama ana nini. Akanijibu kwa upole: “Hana kitu, ndugu yangu. Ni uzee tu.” Nilimwuliza shangazi mwenyewe. Akasema: “Sijambo, mwanangu. Presha yangu iko sawa, sukari sina, moyo wameupima. Sasa niumwe nini?”

Majibu yale mawili yalikuwa ya kweli kwa nusu nusu. Ni kweli kwamba alikuwa mzee, na ni kweli kwamba hakuwa na maradhi ambayo daktari angeweza kuyaandika juu ya cheti. Hata hivyo kulikuwa na jambo la tatu, ambalo si uzee wala si ugonjwa. Makala haya yanahusu jambo hilo la tatu: ni kitu gani, linapimwaje, na kulijua kunatudai nini.

Kwanza lugha. Waswidi hulitaja kwa neno wanalolitumia kwa kaure nyembamba na kwa mifupa inayovunjika kwa urahisi. Kiswahili hakijaafikiana juu ya jina lake. “Unyonge” umebeba hali ya mtu katika jamii, maana mnyonge ni aliyeonewa. “Ukongwe” ni umri wenyewe. “Uchakavu” ni wa nguo na mashine, na sipendi kumwambia mtu aliyenilea kwamba amechakaa. Nitatumia “udhaifu wa uzeeni”, kwa tahadhari moja: katika mazungumzo yetu dhaifu ni yule asiyeweza, ilhali hali ninayoieleza inaweza kumpata mtu anayeweza kila kitu. Maana yake ya kitaalamu ni kupungua kwa akiba. Mwili wa mtu mwenye siha una uwezo kuliko unaohitajika kwa siku ya kawaida: misuli zaidi ya ile ya kutembelea, moyo wenye nguvu kuliko ile ya kupandia ngazi, kinga inayozidi ile ya kumalizia mafua. Ziada hiyo haionekani siku za raha. Huonekana siku ya mtihani, na aliyeimaliza hujulikana siku hiyo tu, labda awe amepimwa kabla. Wahenga walituambia akiba haiozi. Waliisema ya ghalani na ya mkobani. Ya mwilini hupungua bila kelele.

Upimaji wake una historia fupi. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake wa Marekani walichapisha uchambuzi wa watu 5,317 waliotimiza miaka 65 na kuendelea, ambao walikuwa wakifuatiliwa kwa ajili ya utafiti wa maradhi ya moyo. Walipendekeza ishara tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka, mkono kukosa nguvu ya kukamata, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye ishara tatu au zaidi huhesabiwa kuwa ana udhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani kuelekea huko. Asiye na hata moja ana siha. Mantiki yao ilikuwa kwamba ishara hizi ni pingu za mnyororo mmoja. Anayekula kidogo hupoteza misuli, aliyepoteza misuli huenda polepole na huchoka, aliyechoka hukaa, anayekaa hapati njaa, asiye na njaa hula kidogo. Popote mnyororo unapoanzia, ukishazunguka unajivuta wenyewe.

Shangazi alipimwa mwezi Oktoba, baada ya muuguzi aliyekuwa akimpima presha kuona mkanda wa saa yake umetobolewa tundu jipya. Nilimsindikiza, na kwa ruhusa yake naeleza niliyoyaona.

Uzito ulikuwa kilo 57. Mwaka mmoja nyuma daftari la kituo liliandika 61. Kilo nne si nyingi kwa macho, lakini ni zaidi ya asilimia sita ya mwili wake, na mpaka ni asilimia tano. Hakuwa amekusudia kupungua. Ishara ya kwanza.

Kisha alipewa kifaa chenye mshikio wa chuma, akaambiwa akikamue kwa nguvu zote, mara tatu. Wastani ulikuwa kilo 15. Kwa mwanamke wa kimo na uzito wake mpaka uliowekwa na Fried ni kilo 17 na kidogo. Ishara ya pili. Nilijiuliza mkono una uhusiano gani na ngazi, na mtaalamu wa fiziotherapia akanieleza kwamba mkono hauchaguliwi kwa ajili yake wenyewe. Huchaguliwa kwa kuwa ni rahisi kuupima, na kwa kuwa unatoa habari za misuli mingine isiyofikiwa na kifaa kidogo cha mezani.

Baadaye akatembea. Sakafuni palikuwa na alama mbili, umbali wa futi 15 baina yake, yaani zaidi kidogo ya mita nne na nusu. Aliambiwa aende mwendo wake wa kila siku, bila kushindana. Alitumia sekunde saba na nukta sita. Kwa mwanamke asiyezidi sentimita 159, sekunde saba ndio mpaka. Ishara ya tatu.

Zikabaki mbili ambazo hazipimwi kwa chuma wala kwa saa bali kwa maswali. Aliulizwa ni siku ngapi wiki iliyopita alihisi kila alifanyalo ni la kujikokota, na ni siku ngapi alishindwa kuanza jambo. Akajibu: “Hakuna. Namshukuru Mungu.” Nilikuwa nimemwona Jumanne ile ameketi kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, kwa muda wa robo saa. Lakini sikumsahihisha, na sidhani alidanganya. Yeye ni mtu wa Tanga, na katika malezi yake salamu huulizwa kwa jambo na hujibiwa kwa kulikana: hujambo, sijambo. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba adabu ni kutangulia kusema hana jambo, utamwuliza vipi ana jambo gani?

Swali la mwisho lilihusu shughuli. Dodoso walilolitumia watafiti wa 2001 liliorodhesha mambo kama kukata majani ya bustani, kuendesha baiskeli, gofu na tenisi, kisha likakokotoa nguvu inayotumika kwa wiki. Kituo kile kilitumia orodha iliyofanana nayo. Shangazi hajawahi kushika fimbo ya gofu. Alichokuwa amekiacha, na ambacho hakikuwa na mstari katika karatasi, ni kupika pilau ya watu thelathini siku za sherehe, akiinamia sufuria na kuigeuza kwa mwiko mrefu. Alikuwa ameacha kwa mwaka mzima na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ishara mbili za mwisho zikaandikwa kuwa hazipo. Ishara tatu za kwanza zikatosha.

Napenda msomaji azingatie kilichotokea katika chumba kile. Ulimi wa shangazi ulisema hana kitu; mkono na miguu yake ikasema anacho. Tumezoea kulalamika kwamba kipimo humpokonya mtu sauti yake, na mara nyingi lalamiko hilo ni la haki. Lakini wapo watu ambao sauti yao imefungwa na heshima yao wenyewe, na kwao saa ya kuhesabu sekunde ni shahidi asiye na haya. Mimi niliyefundisha miaka mingi kwamba mtu hawi namba, nilitoka pale nikiishukuru namba.

Sasa, je, hali hii si jina jipya la mambo tuliyokuwa nayo? Ikiwa ni uzee, wazee wote wangekuwa nayo. Katika kundi lile la Marekani waliokuwa nayo ni takriban asilimia saba, na hata miongoni mwa waliovuka miaka 85 tafiti nyingi zimekuta kwamba wasio nayo ndio wengi. Ikiwa ni ugonjwa kwa jina lingine, isingepatikana pasipo magonjwa. Fried na wenzake walihesabu miongoni mwa wenye udhaifu ni wangapi walikuwa na maradhi mawili au zaidi kati ya yale waliyoyaorodhesha, na ni wangapi walikuwa na ulemavu wa kushindwa shughuli za kujihudumia kama kuoga na kuvaa. Zaidi ya robo yao hawakuwa na hili wala lile. Shangazi ni wa robo hiyo. Ndiyo maana daktari hakuona kitu: alitafuta kilichoharibika, na kwake hakuna kilichoharibika. Kila kiungo kilikuwa kimebakiwa na kiasi cha kutosha tu, bila ziada.

Sitaki kuficha kwamba wataalamu wenyewe hawaelewani. Nchini Kanada, Arnold Mitnitski na Kenneth Rockwood walipendekeza mwaka huohuo wa 2001 njia nyingine kabisa. Wao hawatafuti mnyororo wa ishara tano. Wanachukua orodha ndefu ya kasoro zinazoweza kumpata mtu, tuseme arubaini: maradhi, dalili, kushindwa kazi fulani, majibu ya maabara. Kisha wanahesabu anazo ngapi na kugawanya. Mwenye kumi kati ya arubaini ana robo, yaani 0.25, na hapo ndipo wengi huweka mpaka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba haijalishi sana kasoro zipi zimo katika orodha, mradi ziwe nyingi na za sehemu mbalimbali za mwili. Na kwamba karibu hakuna mtu aliye hai anayepita 0.7, kana kwamba hapo ndipo mwili unapofikia ukomo wa kustahimili hasara. Njia hizi mbili haziwachagui watu walewale. Kwa hesabu ya Wakanada shangazi, asiye na maradhi mengi, huenda angeonekana nafuu kuliko jirani yake mwenye kisukari, moyo na macho mabovu, ambaye hata hivyo hupanda ngazi kwa pumzi moja. Kwa hiyo tunaposema hali hii inapimika, hatusemi ipo mahali fulani mwilini kama jiwe katika figo. Tunasema kwamba kuna njia zilizo wazi, zinazoweza kurudiwa na mtu mwingine, za kukadiria nani ataangushwa na msukosuko mdogo. Na kwamba makadirio hayo yametimia mara nyingi kiasi cha kutunyima udhuru wa kuyapuuza.

Ya shangazi yalitimia mwezi Januari. Yalikuwa mafua tu. Binamu yangu aliyaleta, akaugua siku mbili, akaondoka mzima. Mimi niliugua siku tatu. Shangazi alilala siku sita, na homa ilipomwachia aliinuka kwenda jikoni, akafika katikati ya ukumbi, akaketi sakafuni. Hakuvunjika. Lakini kwa wiki tano hakuweza kushuka vidato vile arubaini na vinne, na dunia yake ikawa vyumba viwili na dirisha linalotazama theluji. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani kwa siku kumi watu wazima kumi na mmoja wenye siha, wastani wa miaka 67, bila ugonjwa wowote. Wakapoteza miguuni karibu kilo nzima ya tishu isiyo mafuta. Mwenye akiba hulipa kilo hiyo na kubaki na nyingine. Shangazi aliilipa kutoka katika mtaji.

Ni wakati ule ambapo tuliomba msaada wa nyumbani, na hapa ndipo swali la maadili linaposimama wazi. Afisa aliyekuja kutathmini alikuwa mtu mstaarabu. Aliuliza kwa utaratibu: unaweza kuoga mwenyewe? Unaweza kuvaa? Unaweza kupasha chakula moto? Shangazi, aliyewahudumia wazee wa jiji lile kwa miaka ishirini na saba na kuyajua maswali hayo kwa moyo, alijibu ndiyo kwa kila moja, na kila ndiyo ilikuwa kweli. Aliweza kuoga, asubuhi ambayo hakupika. Aliweza kupika, siku ambayo hakuoga. Jibu lilipokuja baada ya wiki kadhaa lilisema mahitaji yake yanaweza kukidhiwa bila msaada, isipokuwa usafi wa nyumba mara moja kila wiki mbili.

Sikumlaumu afisa yule. Aliuliza juu ya kuweza, na kuweza kulikuwepo. Kilichokuwa kimeondoka ni kuhimili. Kuweza ni uhusiano wa mtu na kazi iliyo mbele yake: beseni hili, sufuria hii. Kuhimili ni uhusiano wake na jambo ambalo bado halijatokea: mafua yajayo, barafu ya kesho, lifti isiyokuwepo, mwana aliye mbali. Mifumo yetu mingi ya wema imejengwa juu ya kuweza. Tunamsaidia mtu aliyeshindwa. Hatuna utaratibu, wala hata msamiati ulio tayari, wa kumsaidia mtu ambaye bado anaweza lakini hatahimili. Na kwa kuwa udhaifu wa uzeeni ni upungufu wa kuhimili, huduma inayongoja kushindwa humfikia mtu wakati ambapo jambo lililokuwa la kuzuiwa limekwisha kuwa.

Nimesikia ikisemwa kwamba tatizo hili ni la Wazungu, kwamba kwetu mzee hana haja ya kuhimili peke yake kwa kuwa amezungukwa na watu. Kuna ukweli ndani yake, na kuna hatari. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Uingereza wameupima udhaifu wa wazee vijijini, wakaukuta, na wakatengeneza chombo kifupi cha kuutambua kinacholingana na mazingira ya Tanzania, kwa sababu maswali ya gofu hayafai Machame. Ninachokiona ni kwamba ukoo mkubwa huazima akiba: mjukuu huchota maji, mkwe huinua sufuria, na bibi huonekana mzima kwa kuwa wengine wanahimili kwa niaba yake. Ni jambo jema mno. Lakini pia hulificha tatizo, na neno “uzee tu” hulifunika zaidi. Tunalisema kwa mapenzi, kama alivyolisema binamu yangu. Hata hivyo neno hilo linafanya kazi: linageuza jambo linalohitaji kutendwa kuwa jambo linalohitaji kukubaliwa. Uzee haudai chochote kwetu ila subira. Udhaifu unadai chakula, mazoezi, dawa zipitiwe upya, na mtu wa kushika mkono ngazini.

Hata hivyo namba niliyoishukuru inaweza kugeuzwa. Machi 2020, korona ilipoingia, Baraza la Taifa la Afya na Ustawi la Sweden lilitoa kanuni za kugawa vitanda vya wagonjwa mahututi endapo visingetosha. Zilikataza kutumia miaka ya kuzaliwa peke yake, lakini ziliruhusu kuangalia umri wa kibayolojia, yaani akiba. Mwezi huohuo taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza iliwaagiza madaktari kumpima kila mtu mzima kwa kipimo cha ngazi cha Rockwood, kilichobuniwa mwaka 2005 kwa ajili ya wazee. Siku chache baadaye ilibidi isahihishe kwamba kipimo hicho hakiwahusu walio chini ya miaka 65 wala wenye ulemavu wa kudumu wa akili au viungo, ambao kwa hesabu ile wangeonekana dhaifu ilhali maisha yao yote wamehimili. Kipimo kilichotengenezwa kutambua nani anahitaji zaidi kilikuwa kimegeuzwa kuwa cha kutambua nani apewe kidogo. Na Desemba mwaka ule Tume ya Corona ya Sweden ikaandika kwamba mkakati wa kuwalinda wazee ulikuwa umeshindwa.

Kuna hoja ya haki katika kanuni zile, na sitaikwepa. Mtu asiye na akiba anaweza kuteswa na mashine bila kunufaika nayo, na kumwepusha na mateso hayo si kumdharau. Aidha, kuhukumu kwa akiba ni haki zaidi kuliko kuhukumu kwa mwaka wa kuzaliwa. Lakini hoja hiyo inasimama kwa sharti moja: kwamba tumempima mtu huyo mapema na tukafanya yaliyowezekana. Jamii ambayo haikumpima mtu alipokuwa na nafasi ya kuongezewa akiba, ikampima kwa mara ya kwanza siku ya kugawa vitanda, haijagundua udhaifu wake. Imevuna uzembe wake yenyewe na kuuandika kwa jina lake.

Na nafasi ya kuongezewa ipo, ingawa ina mipaka. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, mjini Boston, waliwafundisha wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wenye wastani wa miaka 90, kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Upande wa pili, Thomas Gill na wenzake waliwafuatilia wazee 754 wa Connecticut kwa miaka minne na nusu, wakiwapima kila baada ya miezi kumi na minane, na mwaka 2006 wakaeleza walichokiona: watu walivuka mipaka ya hali zile kwenda na kurudi, lakini aliyekwisha fika katika udhaifu kamili karibu hakurudi kamwe kwenye siha kamili. Alirudi hatua moja, katikati. Kuchelewa, basi, kuna bei isiyorudishwa.

Shangazi alirudi hatua moja. Tangu Februari mtaalamu wa fiziotherapia alimpa kazi inayoonekana ya kitoto: kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara nane, apumzike, kisha mara nane tena, mara tatu kwa wiki, na akiizoea aongeze uzito mifukoni. Kidonge cha usingizi alichokuwa akikimeza kwa miaka kiliachishwa polepole, maana kilikuwa kikimyumbisha alfajiri. Yai, maharage na samaki vikaingia katika kila mlo, hata asipokuwa na hamu. Mwezi Juni alipimwa tena. Futi kumi na tano alizimaliza kwa sekunde sita na nukta nne. Uzito ulikuwa kilo 58 na haukuwa ukishuka. Mkono ulibaki chini ya mpaka, kilo 16. Ishara moja badala ya tatu. Si siha, lakini si mahali alipokuwa.

Treni inayopita Rågsved huvuka katikati ya jiji na kufika Kungsholmen, kisiwa ambacho tangu mwaka 2001 wakazi wake zaidi ya 3,300, wa miaka 60 na kuendelea, wamekuwa wakichunguzwa kwa ajili ya utafiti wa uzee: kila baada ya miaka sita, na waliotimiza miaka 78 kila baada ya mitatu. Wamepimwa mwendo, nguvu, kumbukumbu na damu. Shangazi alifanya kazi kwenye kisiwa hicho. Aliwaosha na kuwalisha baadhi ya wakazi wake, na aliwajua waliobakiza akiba na waliomaliza bila saa wala kifaa, kwa namna walivyoshika ukingo wa meza. Nilimwuliza kama hakuyaona hayo kwake mwenyewe. Alifikiri kidogo, kisha akasema: “Niliyaona, mwanangu. Ila wale walikuwa kazi yangu. Mimi nilikuwa kazi ya nani?”

Sikuwa na jibu, na bado silipati lote. Najua hili tu: maadamu hali hii ina ishara zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na maadamu kuna kipindi ambacho inaweza kurudishwa nyuma, basi kutoijua si bahati mbaya tena. Kabla ya Septemba ile ningeweza kusema sikujua. Sasa, nikimpigia simu kutoka Dar es Salaam, namwamkia kama ilivyo ada, naye ananijibu marahaba, hajambo. Kisha namwuliza ameinuka kitini mara ngapi leo, na ninangoja aniambie idadi.